Vijembe Tunavilenga, Idi Tunaipiga Hewani

Mtu yeyote mwenye namba za watu wa Mbagala, Tandika au Mwananyamala kwenye simu yake anajua kwamba watu wetu wanajua kuandika. Siwapaki mafuta. Fungua status siku ya kawaida, Jumanne tu isiyo na lolote. Utakuta mtu kaandika maneno saba juu ya rangi ya zambarau. Hajataja jina, hajataja kosa, na bado nusu ya mtaa inajua kasemwa nani, kwa lipi, na pengine deni lenyewe ni shilingi ngapi. Aliyesemwa amejijua kabla hajafika neno la mwisho. Kuna washairi wenye vitabu dukani ambao hawajawahi kumfikia msomaji wao kwa namna hiyo.

Kisha mwezi unaandama, na mwandishi yule yule anaandika hivi: "Mimi na familia yangu tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kukutakia wewe pamoja na familia yako sikukuu njema ya Idi iliyojaa furaha, amani na upendo tele."

Jamani. Fursa gani hiyo anayoichukua? Kaichukua wapi? Jana alikuwa anamchana wifi yake kwa maneno saba, leo anaongea kama afisa habari wa halmashauri anayemkaribisha mgeni rasmi.

Tukiulizana kwa nini salamu za Idi za kwenye status hazina ladha, jibu la haraka ni kwamba watu wanakopi. Mimi naona jibu hilo ni la uvivu kuliko hiyo kukopi yenyewe. Salamu zetu zimekufa kwa sababu hazina mtu. Kijembe kina mtu mmoja anayelengwa, na wengine wote ni wasikilizaji wa pembeni. Salamu ya Idi inaandikwa kwa watu wote, kwa hiyo haimfikii yeyote. Chuki tunailenga kama wawindaji, na siku ya upendo tunapiga risasi hewani, kisha tunashangaa kwamba hakuna aliyeguswa.

Tazama maneno yenyewe yanavyotusaliti. "Kwa niaba ya familia yangu" ni lugha ya mtu aliyetumwa na kikao. "Wewe na familia yako" ni lugha ya mtu asiyejua kama unayo familia. Kuna mwanamke kwenye orodha yako ameachika mwaka huu, na kuna kijana amepanga chumba Tandale peke yake, hana hata wa kumpikia chai. Wote wawili wanasoma "wewe na familia yako" na kupita. Na hapo sijagusa zile kadi za picha: mwezi mchanga wa dhahabu, msikiti ambao hakuna ajuaye uko nchi gani, taa zinaning'inia, na chini kabisa jina la mtumaji kwa herufi kubwa na namba yake ya simu, utadhani anagombea udiwani.

Najua nitajibiwa vipi, maana nimeshajibiwa. Idi ni ibada, bwana, si mashindano ya insha. Na salamu ya Kiarabu tuliyoipokea inatosha, nani kakwambia inahitaji kunogeshwa?

Hoja hiyo naiheshimu, na nadhani inanisaidia mimi zaidi. Taqabbala Allahu minna wa minkum, yaani Mwenyezi Mungu atukubalie sisi na nyinyi, ni dua fupi na imekamilika. Sina cha kuiongezea. Lakini kumbuka inavyosimuliwa: kwamba masahaba walikuwa wakiambiana hivyo wanapokutana siku ya Idi. Wanapokutana. Mtu alikuwa mbele ya mtu, anamtazama. Ile "nyinyi" ya kwenye dua ilikuwa na nyuso. Ukiitoa pale ukaiweka juu ya picha ya taa zinazoning'inia, ukairushia namba mia nne, maneno ni yale yale lakini hakuna aliyekutana na mtu. Kwa hiyo iandike, tena iandike vizuri, ila mtafutie huyo wa kukutana naye.

Hapa ndipo ninapowarudisha wasomaji wa blogu hii kwenye kitu ambacho tumekisoma miaka yote bila kukiita fasihi: jina la kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, mstari mmoja wa maneno machache. Huko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa alama yake ya Mali ya Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kuweka majina hayo mwanzoni mwa karne iliyopita, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Tangu wakati huo mamilioni ya wanawake wamesema mambo mazito kwa maneno ambayo hawakuyatunga wao. Jina limetungwa na mtu wa kiwandani au dukani asiyewajua. Kanga hiyo hiyo imeuzwa Tanga, Unguja na Temeke. Na bado siku mama anapojifunga akapita mbele ya mlango fulani, maneno yale yanakuwa yake peke yake, na mwenye mlango anayapokea.

Sasa niambie, huyo naye kakopi? Maneno ni ya kuazima, lakini mlango kauchagua mwenyewe, na siku kaichagua mwenyewe. Ndiyo maana siwalaumu wanaosambaza salamu iliyoandikwa na mwingine. Ukimtumia mtu mmoja salamu ya kuazima kwa sababu ulipoisoma ulimkumbuka yeye, umefanya alichofanya mwenye kanga. Kosa ni kujifunga kanga na kuzunguka mji mzima bila kupita mbele ya mlango wowote.

Na status, kama ulikuwa hujaiwaza hivyo, imeumbwa kwa ajili ya kanga. Tangu ilipokuja kwa sura hii ya kukaa saa 24 na kufutika, mwaka 2017, wasomaji wake si umma usiojulikana kama wa Facebook. Anayeiona ni yule uliyehifadhi namba yake na yeye kahifadhi yako. Yaani wasomaji wako wote unawajua kwa majina uliyowaandika mwenyewe: "Shangazi Mtoni", "Fundi Bomba", "Baba Mwenye Nyumba", "Usipokee". Halafu unapewa orodha ya waliosoma na saa waliyosoma. Ni mwandishi gani wa riwaya ana bahati hiyo? Inakubali maandishi hadi herufi 700, ila kadiri unavyoandika ndivyo herufi zinavyozidi kudogoka kwenye skrini, na ukurasa unapita wenyewe baada ya sekunde chache msomaji asipoushikilia kwa kidole. Kwa hiyo nafasi halisi si hizo 700. Ni kama maneno ishirini au ishirini na tano, yanayosomeka na shangazi bila miwani, kabla hayajakimbia.

Kabla sijafika kwenye mfano, kuna salamu moja ambayo kwangu ni mbaya kuliko kadi zote za dhahabu. Ni ile ya msamaha wa jumla: "Kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutokujua, naomba unisamehe, na mimi nimewasamehe wote." Inasikika kama unyenyekevu, na ndiyo maana inapita bila kuguswa. Lakini iweke mbele ya macho ya mtu uliyemkosea kweli. Umekula pesa yake ya mchezo. Hajalipwa miezi mitano. Anafungua status asubuhi ya Idi, anakuta deni lake limechanganywa na watu mia nne ambao hujawahi kuwakosea chochote, kisha unasema na wewe umemsamehe. Amekukosea nini? Masheikh wetu wanatufundisha kila mwaka kwamba haki ya mja hairudi kwa toba ya jumla. Inarudi kwa mwenyewe, ama kwa kumlipa ama kwa kumwomba akuachie. Tunalisikia darasani, tunatikisa kichwa, kisha tunaposti. Kijembe tunamtumia mwenyewe, msamaha tunautumia kwa umma. Kama kuna mahali ambapo maneno kukosa mtu kunageuka kuwa dhuluma, ni hapo. Msamaha haufai kwenye status hata ukiuandika kwa ufundi gani, mfuate mtu kwa simu au mlangoni kwake.

Tuje kwenye mfano. Nina jirani huku Mbagala, muuza vitumbua, ambaye ninamhesabu kati ya waandishi wakali wa vijembe ninaowafahamu. Siku mbili kabla ya Idi ya Fitri alikuja na simu. "Kaka, hebu nitengenezee maneno ya status, ya kugusa moyo, lakini yasiwe marefu." Nikamwuliza anataka kumgusa nani. Akacheka, akasema watu wote. Nikamwambia kwa watu wote sina maneno. Tukakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi dada."

Dada yake yuko Maskati, anafanya kazi za ndani. Ilikuwa Idi yake ya pili huko. Mtoto wake wa kike analelewa hapa na huyu jirani. Nikamwambia aandike yeye, kama anavyoandika siku nyingine. Akaandika:

"Idi Mubarak dada yangu kipenzi, nakupenda sana, nakukumbuka sana, machozi yananitoka nikikuwaza, Mungu akulinde akupe umri mrefu na mafanikio."

Amepiga hatua, maana sasa kuna mtu. Lakini huyu dada anaweza kuwa dada wa yeyote. Ondoa neno "dada" weka "mume", na hakuna kitakachobadilika. Kipimo changu ni hicho hicho kila mara: kama maneno yanaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine bila kupasuka mahali, bado hayajafika. Na "machozi yananitoka" yanamweleza mwandishi badala ya kumweleza anayeandikiwa. Nikamwuliza siku ya Idi nyumbani kwao kinatokea nini ambacho kinamhusu dada peke yake. Akajibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa kuna vyumba vingapi. "Si sahani yake. Mama lazima ampakulie. Anaifunikia kawa mpaka jioni, ndiyo watoto wanapewa."

Nikamwambia mdogo wangu, umemaliza, andika hilo. Rasimu ya pili ikawa:

"Dada, sahani yako ipo chini ya kawa. Mwanao kavaa nguo ulizotuma, kakuulizia tangu asubuhi. Idi Mubarak."

Hii ilinipendeza nikataka tuiache, kisha tukaisoma tena kwa macho ya wale waliomo kwenye orodha. Wa kwanza ni baba mwenye nyumba, ambaye anadai kodi ya mwezi mmoja. Akisoma "nguo ulizotuma" ataelewa kwamba Maskati kunatuma, na Idi haitaisha kwa amani. Kitu kikiwa cha kweli si lazima kiwe cha kuonwa na wote, na status ina baraza kubwa kuliko tunavyokumbuka tunapoandika. Unaweza kweli kumficha mtu mmoja mmoja kwenye mipangilio, lakini salamu inayohitaji kufichwa watu kumi bora uitume kwa mwenyewe tu.

Wa pili ni dada mwenyewe. "Kakuulizia tangu asubuhi" ni kweli, na inagusa, na ni ukatili. Yule mama atasoma hayo akiwa jikoni kwa watu, hana ruhusa ya kutoka wala mtu wa kulia naye. Tunapenda kudhani kwamba maneno ya moyoni ni yale yanayomliza mtu, na nusu ya salamu za Idi za "kugusa moyo" zinatafuta hicho. Ila sahani iliyofunikwa inamwambia yuko nyumbani, na mtoto anayemwulizia anamwambia hayupo. Kwa siku ya sikukuu nilichagua sahani. Jirani alibishana nami hapa, na sidhani kama alikubali kwa moyo wote, maana alisema mtoto naye ana haki ya kusemewa. Tukaafikiana asemewe kwa namna nyingine:

"Dada, sahani yako ipo chini ya kawa. Mwanao kavaa, kapendeza, anakusalimia. Idi Mubarak kwako na kwa kila anayekula sikukuu ugenini."

Maneno ishirini. Kipande cha mwisho ndicho kinachoifanya iwe ya status, si ya faragha tu. Barua imeandikwa kwa mtu mmoja, kisha mlango unaachwa wazi kidogo, na anayejiona humo anaingia: kijana wa bodaboda aliyetoka Kigoma, binti wa kazi wa nyumba ya pili, askari aliye zamu, hata jirani Mkristo ambaye Krismasi iliyopita ndiye aliyekuwa mbali na kwao. Hakuna aliyetajwa, na kila mmoja anajijua. Ni ufundi ule ule wa kijembe, kasoro sumu.

Kulikuwa na jambo la saa. Alitaka kuiposti usiku wa mwezi, mara tu tangazo litoke Bakwata pale Kinondoni, kwa sababu usiku huo ndio watu wote wanaposti. Nikamwambia usiku huo sahani haijapakuliwa, kwa hiyo maneno bado ni uongo. Isitoshe kuna watu Dar wanaofuata mwandamo wa Saudia, na kuna miaka ambayo wao wameshakula Idi wakati jirani zao wana swaumu ya mwisho. Oman nayo ina mwezi wake na tangazo lake. Salamu inayosema "leo" kwa kelele, ikitangulia au ikichelewa kwa siku moja, inageuka kuwa ubishi wa mwezi kwenye majibu, na nimeona ndugu wakinuniana kwa hilo. Rasimu yetu haikuwa na "leo". Akaiweka mchana, baada ya mama kuweka kawa. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja tu, na dada hushika simu usiku kazi zikiisha, hivyo saa 24 zilimtosha.

Na neno dogo kwa wanaohifadhi salamu nzuri ili waitumie tena: kuna mbili, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu. Mwaka 2024 ya kwanza ilikuwa Aprili, ya kuchinja ikawa Juni, na Juni hiyo nilisoma status zaidi ya moja zikimwomba Mungu azipokee funga zetu za mwezi mzima. Mwezi upi? Huo ndio ushahidi kwamba hata aliyeposti hakuisoma.

Unajuaje kama salamu imefika? Usihesabu waliotazama, wale wanapita tu. Angalia majibu yanayoingia. Salamu ya watu wote hurudisha "nawe pia", "amin", au mikono miwili iliyokutanishwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Salamu yenye mtu hurudisha swali. Jirani alipata "nawe pia" chache kuliko mwaka uliotangulia, alinionyesha mwenyewe, akiwa na wasiwasi kidogo. Lakini Fundi Bomba, ambaye hawajawahi kuongea lolote zaidi ya mabomba, alimwuliza dada yuko nchi gani, kwa sababu wa kwake yuko Salala. Shangazi alipiga simu badala ya kuandika. Na saa nne usiku ikaingia ya Maskati, bila Idi Mubarak, bila kopa jekundu hata moja: "Kawa lipi? Lile la bibi, au mmenunua jingine?"